Miaka 37, sigara nane kwa siku: abaki na vidonge vya majira au ahamie njia gani?

Mwanamke ninayemlinganishia njia hapa anauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Ana miaka 37 na watoto wanne, na wa tano hamtaki. Vidonge vya majira alianza kumeza mtoto wa mwisho alipoacha ziwa, na sasa ni mwaka wa tisa. Havijawahi kumwangusha. Hedhi yake ni siku tatu, nyepesi, haimzuii kusimama sokoni toka alfajiri. Alikuja kuchukua pakiti zake tu, kama anavyokuja kila mara, na angeondoka nazo kama nisingesikia harufu ya sigara kwenye kitenge chake.

Mimi ni muuguzi, nimekaa miaka mingi kwenye chumba cha uzazi wa mpango. Najua ukimuuliza mwanamke wa kwetu "unavuta?" mbele ya mama mkwe au ya foleni, atasema hapana. Kwa hiyo nilifunga mlango kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mdogo wangu. Sigara ya kwanza huwa unavuta saa ngapi?"

Akanyamaza kidogo, kisha akacheka kwa aibu. "Mbili tatu tu, mama. Za kufukuza usingizi."

Sigara akinunua moja moja, hana pakiti ya kumwonyesha idadi. Tukazihesabu kwa kuifuata siku yake: moja akiamka, mbili akisubiri mzigo ushushwe, moja na chai, mbili mchana jua likiwa kali, moja akifunga hesabu, moja usiku nje ya nyumba watoto wakishalala. Nane. Hakuwa ananidanganya, hakuwa amewahi kuzihesabu.

Hesabu hii ina kazi. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo unaopanga kila njia ya uzazi wa mpango katika madaraja manne kulingana na hali ya mtumiaji. Daraja la 1 ni kwamba njia haina kizuizi. La 2, faida kwa kawaida inazidi hatari. La 3, hatari kwa kawaida inazidi faida, kwa hiyo isitumike labda njia nyingine zote zimeshindikana na kuna mtaalamu wa kumfuatilia. La 4, isitumike kabisa. Pale ambapo hakuna mtaalamu wa kupima hali ya mtu kwa undani, kama zahanati nyingi za visiwani na vijijini, mwongozo unarahisishwa: 1 na 2 ni ndiyo, 3 na 4 ni hapana.

Kwa vidonge vyenye homoni mbili, kama vyake, mvutaji aliye chini ya miaka 35 yuko daraja la 2. Akifikisha 35, kama anavuta chini ya sigara 15 kwa siku anaingia la 3. Akivuta 15 au zaidi anaingia la 4. Asiyevuta kabisa, mwenye presha nzuri, yuko daraja la 1 mpaka afike 40, na baada ya hapo la 2. Umri peke yake haumfungii mtu mlango, na hata sigara peke yake katika ujana haifungi mlango wote. Kinachofunga ni hivyo viwili vikikutana na homoni moja iliyomo ndani ya kidonge.

Homoni hiyo ni estrojeni. Pakiti ya kawaida ya vidonge hivi, kwa mfano Microgynon, ina vidonge 21 vyenye mikrogramu 30 za estrojeni na mikrogramu 150 za levonogestreli, ambayo ni projestini, homoni ya pili. Zile zenye vidonge 28 huwa na saba vya mwisho visivyo na homoni, mara nyingi vya rangi ya kahawia kwa sababu ya madini ya chuma. Estrojeni ikipita kwenye ini, inalifanya litengeneze zaidi vitu vinavyogandisha damu na litoe pungufu vile vinavyozuia isigande ovyo. Kwa baadhi ya wanawake inapandisha na presha. Projestini ya kwenye kidonge, kwa kipimo hiki, haina tabia hiyo.

Sasa weka sigara juu yake. Moshi unakwaruza utando wa ndani wa mishipa ya damu, unazifanya chembe sahani za damu zigandamane upesi, na kaboni monoksaidi iliyomo inakalia nafasi ya oksijeni kwenye damu, hivyo moyo unafanya kazi kubwa kwa hewa kidogo. Kidonge kinaifanya damu iwe tayari kuganda, sigara inaiandalia mahali pa kugandia. Kwa msichana wa miaka 22 mishipa bado ni laini na kiharusi ni nadra mno, kwa hiyo hata kikizidishwa mara kadhaa kinabaki nadra. Katikati ya miaka ya thelathini idadi ya msingi inaanza kupanda yenyewe, na kuzidisha kule kule kunaleta wagonjwa wanaohesabika. Uingereza, mwaka 1968, madaktari walianza kuwafuatilia wanawake wapatao 46,000, nusu wakimeza vidonge na nusu hawamezi, na vifo vya ziada vya moyo na mishipa viliwaangukia hasa wavutaji waliopita miaka 35.

Kuna jambo watu hulichanganya, nalo nalisema kwa kila mteja. Bonge la damu la mguuni linatokea kwenye mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, na hapo mkosaji mkuu ni estrojeni. Katika wanawake 10,000 wasiomeza vidonge, kama wawili hupata bonge la namna hiyo kwa mwaka. Wanaomeza vidonge vyenye levonogestreli ni kati ya watano na saba. Hatari hiyo ni kubwa zaidi mwaka wa kwanza, na inarudi kwa anayeacha mwezi au zaidi kisha akaanza tena. Kiharusi na mshtuko wa moyo vinatokea zaidi kwenye mishipa inayopeleka damu, na hapo ndipo sigara ina mkono mrefu. Kwa hiyo mama anayeniambia "nimemeza miaka tisa sijapata kitu" yuko sahihi nusu: mwaka wa hatari ya bonge la mguuni ameuvuka, lakini upande wa kiharusi miaka tisa haikumlinda. Ilimsogeza tu kutoka 28 hadi 37.

Na "ninavuta kidogo" haisaidii kama inavyosikika. Sigara moja tu kwa siku inabeba kati ya theluthi na nusu ya hatari ya ziada ya moyo na kiharusi ambayo mtu hubeba akivuta 20. Kutoka nane kushuka hadi nne ni mwendo mzuri wa kuelekea kuacha, lakini hakumrudishi kwenye daraja la 2.

Nilipomfunga mashine ya presha ikasoma 146 kwa 94. Akapumzika dakika tano, tukarudia: 144 kwa 92. Kipimo cha siku moja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa wa presha. Anatakiwa arudi siku nyingine. Lakini namba hizo zilibadilisha ulinganisho wote, maana njia ambayo ni nzuri kwa mvutaji mwenye presha ya kawaida huenda isiwe nzuri kwa mvutaji mwenye presha iliyopanda. Angalia safu hizi mbili:

| Njia | Miaka 35+, anavuta, presha ya kawaida | Miaka 35+, anavuta, presha imepanda |
|---|---|---|
| Vidonge vya homoni mbili | 3 (15 au zaidi kwa siku: 4) | 3 au 4 |
| Sindano ya miezi mitatu | 1 | 3 |
| Vidonge vya homoni moja, projestini tu | 1 | 2 |
| Kijiti | 1 | 2 |
| Kitanzi cha shaba | 1 | 1 |

Mstari wa sindano ndio unaowashangaza wengi, hata wauguzi wenzangu. Sindano haina estrojeni, na kwa mwanamke ambaye kasoro yake ni sigara tu, ni daraja la 1. Ndiyo maana mvutaji akikatazwa vidonge, jambo la kwanza anaambiwa ni "njoo nikuchome sindano". Ila vitu vya hatari vikirundikana, umri, sigara na presha kwa pamoja, sindano inashuka hadi la 3. Dozi yake ya projestini ni kubwa, inaweza kushusha mafuta mazuri ya damu yanayosaidia kulinda mishipa, na ukishaichoma huwezi kuitoa. Kidonge unaacha kesho, kijiti kinatolewa kwa dakika chache, sindano inabaki mwilini miezi mpaka iishe yenyewe. Kwa hiyo usikubali kuhamishiwa sindano kabla hujapimwa presha. Mashine ikiwa imeharibika siku hiyo, chagua njia ambayo jibu lake ni zuri kwenye safu zote mbili.

Hilo ndilo nililomwambia. Presha yake tungeipima tena wiki inayofuata na hatukujua ingesema nini, lakini kijiti, kitanzi na vidonge vya homoni moja vilikuwa salama kwake kwa jibu lolote. Vidonge vyake vya zamani vilikuwa vibaya kwa jibu lolote.

"Na nikiacha sigara leo, mama? Si niendelee na hivi hivi?"

Swali zuri, na jibu lake halifurahishi. Mwongozo wa Uingereza unamhesabu aliyeacha sigara kwa chini ya mwaka kuwa bado daraja la 3. Akitimiza mwaka bila kuvuta ndipo anapanda hadi la 2. Mishipa inahitaji muda. Na kwake yeye, kama ile presha ni ya kweli, hata mwaka huo hautoshi, kwa sababu presha ya juu peke yake inaviweka vidonge vya homoni mbili daraja la 3, hata inapotulizwa na dawa. Kuacha sigara kutampunguzia kiharusi kuliko jambo lolote jingine atakalofanya mwaka huu, na nilimwambia hivyo bila kuzunguka. Ila hakumnunulii pakiti ya mwezi huu.

Tukabaki na tatu.

Vidonge vya homoni moja vinamvutia mtu aliyezoea kumeza kidonge kila siku. Vinaonekana kama vile vya zamani, havihitaji chombo wala kuchanjwa. Tofauti iko kwenye saa. Kidonge kidogo chenye mikrogramu 30 za levonogestreli kinafanya kazi hasa kwa kuufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, na ute huo unaanza kulainika upesi ukichelewa. Ukichelewa kwa zaidi ya saa tatu tangu muda wako wa kila siku, hesabu umekikosa: meza mara tu unapokumbuka, endelea na ratiba, na tumia kondomu siku mbili zinazofuata. Tena pakiti haina wiki ya kupumzika, vidonge vyote vina homoni. Nikamuuliza siku zake zikoje. Siku nyingine yuko Mwaloni saa kumi alfajiri, nyingine kapanda kivuko kwenda Ukerewe kufuata mzigo, simu imezima, kalala kwa shemeji. Vidonge vile alivyovizoea vilimsamehe kuchelewa nusu siku. Hivi havisamehi. Mwenyewe akatikisa kichwa kabla sijamaliza.

Kitanzi cha shaba, au lupu, ndicho safi kuliko vyote kwa mishipa yake, kwa sababu hakina homoni hata chembe. Aina ya T 380A inakaa miaka 10, na inaanza kufanya kazi siku hiyo hiyo inapowekwa. Kwa mwanamke wa 37 asiyetaka mtoto tena, hiyo inamfikisha karibu na ukomo wa hedhi. Gharama yake ni damu. Miezi mitatu hadi sita ya mwanzo hedhi inakuwa nzito na ndefu kuliko alivyozoea, na maumivu ya tumbo yanaweza kuongezeka, kisha kwa wengi hupungua. Kwa mtu anayetoka kwenye hedhi ya siku tatu nyepesi, tena ambaye damu yake haijapimwa wingi muda mrefu, hilo si jambo dogo. Anayeanza akiwa na upungufu wa damu atauhisi zaidi. (Lile neno kwamba kitanzi kinapanda mpaka kifuani nimelisikia Igogo, nimelisikia Sengerema. Mfuko wa uzazi hauna njia ya kwenda kifuani. Kikitoka mahali pake, mara nyingi kinashuka chini, na ndiyo maana tunafundisha kugusa nyuzi.)

Kijiti kinawekwa chini ya ngozi ya mkono wa juu, kwa ganzi. Cha fito moja kinakaa miaka mitatu, cha fito mbili miaka mitano. Hakuna cha kukumbuka. Homoni ni projestini peke yake, kidogo kidogo kila siku, na ikitokea amepata tatizo kinatolewa na homoni inaisha mwilini ndani ya siku chache. Tofauti na sindano ni hiyo hiyo: mlango wa kutokea upo. Kero yake ni hedhi isiyo na ratiba. Mwingine anatokwa matone siku kumi na tano, mwingine hapati hedhi miezi sita na kudhani ana mimba. Nilimuuliza pia kama yuko kwenye dawa za kifua kikuu, kwa sababu rifampisini inapunguza nguvu ya kijiti na ya vidonge. Hakuwa nazo.

Kufunga mirija nilikitaja, akasema hiyo wataongea na mzee nyumbani. Kibandiko cha ngozi na pete ya ukeni, kama utavikuta mahali, vina estrojeni na sheria yake ni ile ile ya vidonge vya homoni mbili. Ugoro na tumbaku ya kusokota? Msokoto uuhesabu kama sigara, na shisha usiione kuwa ni maji matupu, moshi wake una kaboni monoksaidi tele. Ugoro hauna moshi, ila nikotini yake inapandisha presha kwa muda, kwa hiyo umtajie anayekupima.

Kosa ninalolihofia kuliko mengine ni la mwanamke anayesoma haya, akaogopa, akatupa vidonge leo na hana njia nyingine mkononi. Mimba yenyewe inagandisha damu kuliko kidonge chochote, na wiki za mwanzo baada ya kujifungua ndizo za hatari kubwa kabisa. Kwa mvutaji wa miaka 37 mwenye presha, mimba ya bahati mbaya ni mbaya kuliko pakiti moja aliyoimaliza. Kwa hiyo hama kwa kukanyaga jiwe la pili kabla ya kuinua mguu kwenye la kwanza. Aliyekuwa akimeza vizuri anaweza kuwekewa kijiti au kitanzi siku hiyo hiyo, bila kusubiri hedhi. Anayehamia vidonge vya homoni moja ameze cha kwanza kesho yake baada ya kidonge cha mwisho chenye homoni, asivipitie vile saba vya kahawia. Hatari ya kuganda iliyoletwa na estrojeni inapungua ndani ya wiki chache.

Isipokuwa dalili zikiwa zimeshaanza. Hapo unaacha kidonge palepale na unakwenda hospitali. Wanawake wa Mwaloni wanasimama kutwa, na jioni miguu yote miwili imevimba. Hiyo ni ya kusimama. Ninayoihofia ni ya mguu mmoja: shavu la mguu la upande mmoja limevimba, lina joto, linauma ukikanyaga, na ukilala usiku halipungui. Kukosa pumzi ghafla au kuchomwa kifuani ukivuta pumzi kunaweza kuwa kipande cha bonge hilo kimefika mapafuni. Mdomo kupinda upande, mkono kukosa nguvu, maneno kugongana, jicho kupoteza nuru, au kichwa kuuma ghafla kuliko siku zote, ni kiharusi mpaka kithibitishwe sivyo, na kila saa inayopita ubongo unapotea. Aliye kisiwani asisubiri kivuko cha kesho. Na kama kichwa huuma upande mmoja na kabla yake huona vimulimuli au mistari ya kumeremeta, mwambie muuguzi hata kama huvuti: kipandauso cha namna hiyo kinaviweka vidonge vya homoni mbili daraja la 4 katika umri wowote.

Mteja wangu alichagua kijiti cha miaka mitano. Kilichomwamulia, kwa maneno yake, ni kwamba damu nzito hawezi kuibeba sokoni na saa hawezi kuiahidi. Nilimwekea kabla hajaondoka. Wiki iliyofuata presha ilisoma 148 kwa 94, tukampeleka kwa daktari wa wagonjwa wa nje aanze kufuatiliwa, na sigara alikuwa ameshazifikisha tatu.

Alirudi pia na pakiti mbili alizokuwa amebakiza kabatini.

"Mama, nimpe mdogo wangu? Ana ishirini na nne, havuti."

Nikamwambia amlete kwanza, tumpime presha.